Kuchora Kontua Seli kwa Seli, na Utata wa Tandiko

Kontua ni mstari wa ramani unaounganisha mahali pote penye mwinuko mmoja. Kontua nyingi za leo huchorwa na kompyuta kutokana na gridi, yaani jedwali la namba ambamo kila namba ni kimo cha nukta moja ya ardhi. Mfano unaotumika sana ni vipimo vya rada iliyobebwa na chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000. Gridi yake yenye maelezo mengi zaidi ina nukta zilizoachana kwa takriban mita 30 karibu na ikweta, na vimo vyake vimeandikwa kwa mita kamili. Kati ya nukta na nukta hakuna namba yoyote, lakini mstari lazima upite humo. Njia ya kuupitisha ni kushughulikia seli moja moja, seli ikiwa ni kimraba kilichofungwa na nukta nne za jirani.

Kazi huanza kwa kuchagua kimo cha kontua, tuseme mita 4,400. Kila pembe ya seli huulizwa swali moja tu: je, iko juu ya kimo hicho au chini yake? Pembe iliyo sawasawa na mita 4,400 huhesabiwa kuwa juu, na kanuni hiyo hufuatwa gridi nzima bila kubadilishwa. Kwa kuwa pembe ni nne na kila moja ina majibu mawili, hali zinazowezekana ni 16.

Nyingi kati ya hizo hazina tatizo. Pembe zote zikiwa juu, au zote zikiwa chini, kontua haigusi seli hiyo. Hali hizo ni mbili. Pembe moja ikitofautiana na wenzake watatu, mstari mmoja unaitenga pembe hiyo. Hali hizo ni nane. Pembe mbili za upande mmoja zikiwa juu na mbili za upande wa pili zikiwa chini, mstari mmoja unaikata seli kutoka ukingo hadi ukingo unaoelekeana nao. Hali hizo ni nne. Jumla ni 14. Zinabaki mbili, ambamo pembe za juu zinatazamana kwa mshazari na za chini vivyo hivyo. Hapo ndipo penye utata.

Hali hizo mbili hutokea mahali ambapo ardhi ina umbo la tandiko la punda: inapanda pande mbili na kushuka pande mbili. Kilimanjaro ina tandiko kubwa la namna hiyo, uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Kontua ya mita 4,000 huvizunguka vilele vyote viwili kwa kitanzi kimoja, lakini ya mita 5,000 huwa vitanzi viwili, kila kilele na chake. Kuna kimo fulani katikati ambapo kitanzi kimoja hugawanyika kuwa viwili. Gridi inapokutana na mgawanyiko wa aina hiyo ndani ya seli moja, mchoraji lazima aamue mistari iunganishwe vipi.

Ichukuliwe seli ya kubuni yenye pande za mita 30. Pembe A, ya kaskazini-magharibi, ina kimo cha mita 4,412. Kwa kufuata mzunguko wa saa, B ina 4,396, C ina 4,401 na D ina 4,394. A na C ziko juu ya 4,400. B na D ziko chini.

Kwanza hutafutwa mahali kontua inapokata kila ukingo, kwa kuchukulia kwamba ardhi inashuka kwa mteremko ulionyooka kutoka pembe hadi pembe. Kutoka A hadi B kimo kinapungua mita 16, na mita 4,400 hufikiwa baada ya kushuka mita 12, yaani robo tatu ya safari. Basi alama inawekwa mita 22.5 kutoka A. Kwa hesabu hiyohiyo, ukingo wa B na C unakatwa mita 24 kutoka B, ukingo wa C na D unakatwa takriban mita 4.3 kutoka C, na ukingo wa A na D unakatwa mita 20 kutoka A.

Alama nne zimepatikana, na mistari miwili inatakiwa. Mistari hiyo inaweza kuzitenga A na C, kila moja katika kona yake, na kuacha bonde linalounganisha B na D. Au inaweza kuzitenga B na D, na kuacha mgongo wa ardhi unaounganisha A na C. Alama ni zilezile kwa michoro yote miwili, kwa hiyo zenyewe haziwezi kuamua.

Njia rahisi ni kutafuta wastani wa pembe nne na kuuchukulia kuwa kimo cha katikati ya seli. Hapa wastani ni 4,400.75, juu kidogo ya kontua, kwa hiyo njia hii inaamua kwamba A na C zimeungana.

Njia ya pili ilielezwa na Gregory Nielson na Bernd Hamann mwaka 1991. Inaendeleza dhana iliyotumika kwenye kingo: kimo cha ndani ya seli kinakadiriwa kwa kugawanya tofauti kwa uwiano katika pande zote mbili. Uso unaopatikana una nukta moja ya tandiko, na kimo cha nukta hiyo ndicho kinachoamua. Hesabu yake ni fupi. Huchukuliwa tofauti ya kila pembe na kontua: A ni 12, C ni 1, B ni 4 chini na D ni 6 chini. Kisha huzidishwa pembe zinazotazamana:

```
A × C = 12 × 1 = 12
B × D = 4 × 6 = 24
```

Zao la pembe za chini ni kubwa zaidi, basi pembe za chini ndizo zinazoungana. Kimo cha tandiko ni takriban mita 4,399.5, chini ya kontua. Njia hizi mbili zimepingana kwa sababu nukta ya tandiko si lazima iwe katikati ya seli. A iko juu sana na inauvuta wastani, ilhali C imezidi kontua kwa mita moja tu. Kwa kuwa alama za kingo zilipatikana kwa dhana ya uwiano, njia ya pili ndiyo inayoafikiana nazo.

Baada ya uamuzi huo, mstari hufuatwa: ukitokea ukingo mmoja wa seli, unaingia seli ya jirani kupitia ukingo huohuo. Kontua haina ruhusa ya kuishia katikati ya ramani; ama ifike mpakani, ama ijifunge. Ikikatika katikati, sababu ya kawaida ni programu kuiwekea seli nzima alama ya kwamba imekwisha pitiwa. Seli ya tandiko hupitiwa mara mbili, kwa hiyo kinachopaswa kuwekewa alama ni ukingo.

Kwenye ramani bapa, uamuzi wowote kati ya hiyo miwili hauachi pengo, kwa kuwa alama za kingo hazibadiliki. Mambo hubadilika katika vipimo vitatu, ambako seli ni mchemraba na jirani wawili huchangia uso mzima. Njia ya michemraba iliyochapishwa na William Lorensen na Harvey Cline mwaka 1987 ilikuwa na dosari hiyo: jirani mmoja aliweza kuuamua uso wa pamoja hivi na mwingine vile, na umbo likabaki na tundu.

Hata hivyo, kanuni ya mazao haisemi ardhi ilivyo hasa. Katika mfano huu, majibu mawili yanatofautiana kwa mita moja na robo hivi, ilhali makosa ya vipimo vya rada yanaweza kuwa mita kadhaa. Msomaji wa ramani akiona mgongo mwembamba au bonde jembamba lenye upana wa seli moja, asilitegemee kama njia ya kupita mpaka mahali penyewe papimwe.