Mgonjwa Mmoja, Namba Mbili

Mchambuzi wa takwimu humwandikia mtunza kumbukumbu wa kliniki pale kompyuta inapoonyesha wagonjwa wawili wanaofanana mno. Je, ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, au ni watu wawili kweli? Jibu liko kwenye kabati la mafaili.

Katika kliniki za tiba na matunzo za Tanzania, maarufu kama CTC, kila anayeishi na VVU hupewa namba ya tarakimu 14 inayoonyesha mkoa, wilaya, kituo na nafasi yake katika orodha ya kituo. Namba hiyo inapaswa kumfuata popote anapohamia. Lakini aliyepoteza kadi, au aliyehama kimyakimya, mara nyingine huandikishwa upya. Namba ya zamani hubaki bila mahudhurio, mwenyewe akahesabiwa mtoro, na wahudumu wakahangaika kumtafuta mtu ambaye hajaacha dawa hata siku moja.

Barua nzuri haitaji majina, kwa sababu orodha ya wagonjwa wa CTC yenyewe ni siri. Hutaja namba na jambo la kukagua: “Ndugu Mtunza Kumbukumbu, naomba uangalie mafaili ya namba hizi mbili. Tafadhali andika kama ni mtu mmoja, ni watu wawili, au haijulikani. Usifute chochote kwanza.”

Chukua mfano wa Halima na Harima, wote wa kijiji kimoja, wote wamezaliwa 1 Januari 1988. Tarehe hiyo isimdanganye mtu: mgonjwa anapojua mwaka tu, mwandikishaji mara nyingi hujaza 1 Januari. Wala tofauti ya “l” na “r” haithibitishi chochote, maana jina huandikwa kama lilivyosikika. Kinachosema ukweli ni mahudhurio. Ikiwa Halima alionekana mwisho Machi 2021 akiwa na kilo 61, Harima akaanza Mei akiwa na kilo 62, na simu ya ndugu wa karibu ni ileile, huyo karibu hakika ni mtu mmoja. Lakini kama wote walichukua dawa siku moja, mmoja ana kilo 48 na mwingine 71, hao ni wawili, hata majina yakilingana herufi kwa herufi. Mapacha hasa wanahitaji jicho hili, kwani hushiriki ukoo, nyumba na siku ya kuzaliwa.

Kosa la kuunganisha ni baya kuliko la kuacha. Namba mbili za mtu mmoja huharibu hesabu. Faili moja la watu wawili humpa mgonjwa majibu ya wingi wa virusi ya mwenzake, na daktari anaweza kumbadilishia dawa kwa majibu hayo. Kwa hiyo jozi iliyothibitishwa huunganishwa chini ya namba ya zamani, yenye tarehe halisi ya kuanza dawa, na namba mpya huandikwa pia kwenye kadi ya kliniki. Jozi yenye jibu la “haijulikani” huachwa ilivyo hadi mgonjwa mwenyewe aje kliniki aulizwe.