Picha kushoto, sauti kulia: namna ya kugeuza maelezo kuwa muswada wa video

Anayeandika muswada wa filamu fupi ya hali halisi kwa mara ya kwanza huuandika kama insha. Aya hufuata aya, na kila sentensi inabeba kila kitu kwa pamoja: mahali, watu, historia na maoni. Msomaji aliyekaa kitini anaelewa vizuri. Shida inaanza muswada ukitoka mezani kwenda kwa watu watatu wenye kazi tofauti. Mpiga picha anataka kujua aelekeze kamera wapi, msimulizi anataka kujua asome nini, na mhariri anataka kujua sauti ipi inakwenda na picha ipi.

Ndiyo maana filamu za aina hii, pamoja na matangazo na video za mafunzo, huandikwa kwa safu mbili. Kushoto huwekwa kila kinachoonekana, kulia kila kinachosikika. Mpiga picha anasoma safu ya kushoto akishuka, msimulizi ya kulia, na mhariri anasoma zote mbili kwa kuvuka.

Tuchukue mfano. Aya hii imeandikwa kwa ajili ya filamu fupi kuhusu wakulima wa mwani katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja:

"Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, wanawake wa Paje huteremka baharini kufunga mwani kwenye kamba. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989 na kimewapa wanawake wengi kipato chao wenyewe. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, lakini siku hizi bahari imepata joto na mwani mwingi unakufa mapema."

Hatua ya kwanza hufanywa kwa kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja, pigia mstari kila kitu ambacho kamera inaweza kukinasa: maji yaliyokupwa, wanawake wanaoteremka, mikono inayofunga. Kwa rangi nyingine, pigia mstari kinachohitaji kusemwa, kama zile wiki sita na sababu ya mwani kufa. Maneno yatakayobaki bila rangi yoyote ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Katika aya yetu yamebaki mawili: mwaka 1989, ambao hauna picha, na "kipato chao wenyewe", ambacho nacho hakipigiki picha.

Hapa wengi huteleza. Wanaibandika aya nzima upande wa kulia, kisha wanajaza kushoto kwa picha za kupitisha muda: machweo, minazi, watoto wanaokimbia ufukweni. Jedwali linapendeza, lakini picha hazisemi lolote. Dawa ni kumtafutia kila neno gumu mahali panapolifaa. Kipato, kwa mfano, ni cha mkulima mwenyewe kukieleza. Kwa hiyo kinakwenda kwenye mahojiano, na simulizi inanyamaza. Mwaka unaandikwa kwenye skrini, maana jicho husoma 1989 mara moja, ilhali msimulizi atatamka maneno saba: elfu moja mia tisa themanini na tisa.

Baada ya kugawanywa, aya yetu inakuwa hivi:

| PICHA | SAUTI |
|---|---|
| 1. Picha pana: maji yamekupwa, wanawake wanatembea kuelekea kwenye mambo na kamba. | Upepo na maji tu, sekunde 5. Kisha MSIMULIZI: Hapa Paje, saa ya kazi hupangwa na bahari. |
| 2. Karibu sana: vidole vinafunga kipande cha mwani kwenye kamba. Maandishi: "Zanzibar, 1989". | MSIMULIZI: Kilimo hiki kina miongo michache tu. Kipande kikishafungwa, husubiriwa wiki sita hivi. |
| 3. Mkulima akizungumza, amekaa ufukweni. Kisha mikono yake ikianika mwani. | MKULIMA: (jibu la swali: pesa ya mwani unaifanyia nini?) |
| 4. Karibu: tawi zima la mwani, kisha tawi jeupe linalokatika mkononi. | MSIMULIZI: Joto la maji likizidi, mwani huugua kabla ya siku ya kuvunwa. |

Tazama mstari wa pili. Msimulizi hasemi kwamba wanawake wanafunga mwani, kwa sababu mtazamaji anawaona wakifunga. Anasema kile ambacho picha haiwezi kukisema, yaani muda wa kusubiri. Mstari wa nne nao, picha inaonyesha ugonjwa, sauti inataja chanzo chake. Njia rahisi ya kukagua ni kuziba safu ya kushoto kwa karatasi na kusoma ya kulia peke yake. Ukiona simulizi imejitosheleza kabisa, kana kwamba ni kipindi cha redio, basi kuna maneno ambayo picha ingeyabeba. Yapunguze.

Neno "alfajiri" nalo limeondoka. Katika ukanda huu, wakati wa bamvua, maji hufikia kina cha chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Alfajiri bado yanatoka. Kwenye aya, kosa hilo linapita bila kuonekana. Kwenye safu ya picha, mpiga picha atauliza mara moja afike ufukweni saa ngapi.

Kinachofuata ni muda. Chukua saa ya simu, soma kila mstari wa kulia kwa sauti, polepole kama msimulizi, na uandike sekunde pembeni. Usikisie kwa kuhesabu maneno, maana neno moja la Kiswahili kama "watakapoyarudisha" linachukua muda wa maneno kadhaa mafupi. Mstari ukizidi sekunde kumi na tano ilhali kushoto kuna picha moja tu, ama ongeza picha, ama ukate maneno. Chumba kitupu upande wa kulia si kosa, mradi uandike kinachosikika, kama upepo au muziki. Chumba kitupu upande wa kushoto ni kosa siku zote, kwa sababu skrini haiwezi kukaa bila kitu.

Upande wa kompyuta, tumia jedwali halisi. Usitumie ile amri ya kugawa ukurasa kwa safu kama gazeti. Hiyo hujaza safu ya kushoto hadi chini ndipo ihamie kulia, na ukiongeza sentensi moja tu, picha na sauti zote zinapishana. Kwenye Word, chagua `Insert`, kisha `Table`, safu mbili. Baadaye, kwenye `Table Properties`, ondoa alama ya `Allow row to break across pages`, ili msimulizi asikatiziwe sentensi katikati na ukurasa mpya. Ipe mistari namba, kwa kuwa studioni watu watasema "rudia namba 4".

Mpangilio huu una mipaka yake. Tamthilia haiuhitaji, kwa sababu maneno ya waigizaji hunaswa pamoja na vitendo vyao. Safu mbili zinafaa pale sauti inaporekodiwa mbali na picha, kisha zikakutanishwa.

Muswada ukikamilika, nakili safu ya kushoto peke yake na uipange upya kwa mahali na wakati wa kupiga picha. Kwenye mfano wetu, mstari wa 1, 2 na 4 inahitaji maji yaliyokupwa, hivyo inapigwa asubuhi moja ya bamvua. Mahojiano ya mstari wa 3 yanasubiri maji yajae, mkulima akiwa amesharudi nchi kavu na ana nafasi ya kuzungumza.