Ramani Tatu za Bonde la Ruvu, Gridi Moja

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupita nyanda za Morogoro na Pwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka humo, ndiyo maana udongo unaosombwa na mvua kutoka milimani ni shauri la watu wengi. Anayetaka kujua udongo huo unatoka wapi huanza na swali jepesi: ni wapi palipolimwa, penye mteremko mkali, na panaponyesha sana?

Data za kulijibu zipo na hazilipiwi. Mwinuko wa ardhi ulipimwa na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, katika safari iitwayo SRTM. Matumizi ya ardhi yamo katika ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya. Mvua ya kila mwezi tangu 1981 iko katika data za CHIRPS. Zote tatu ni rasta, yaani picha iliyogawanywa katika vyumba vidogo vya mraba viitwavyo pikseli, kila kimoja kikibeba namba. Ukizifungua pamoja kwenye QGIS, zinapandana vizuri kabisa machoni. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu programu inazichora pamoja kwa ajili ya kutazama tu. Namba zenyewe bado ziko katika gridi tatu tofauti, kama nyavu tatu zenye macho ya ukubwa tofauti zilizotupwa juu ya maji yaleyale.

Pikseli ya WorldCover ina upana wa mita 10 hivi, ya SRTM mita 30, ya CHIRPS kilomita 5 na nusu. Kwa hesabu kamili, pikseli moja ya SRTM hubeba pikseli tatu na theluthi za WorldCover kwa upana, kwa hiyo kingo zake hazitakutana. Tena kuna hitilafu isiyoonekana upesi. Katika vipande vya SRTM, mstari wa digrii hupita katikati ya pikseli, ilhali katika WorldCover hupita ukingoni. Hiyo ni nusu pikseli, kama mita 15. Kwenye tambarare ya Kibaha mita 15 si kitu. Uluguru, ambako shamba hukaa ukingoni mwa korongo, mita hizo zinatosha kulipa shamba mteremko wa ukuta wa korongo.

Ukiiachia programu ifanye hesabu hivyohivyo, nyingi huchukua thamani ya pikseli iliyo karibu bila kukuuliza, na jibu hutoka likiwa zuri kwa sura. Kwa hiyo kwanza chagua gridi moja ambayo tabaka zote zitaifuata. Kwa bonde la Ruvu ningechukua mfumo wa UTM kanda ya 37 Kusini, wenye vipimo vya mita, na pikseli ya mita 30, kwa sababu mteremko ndio kiini cha swali na data zake haziendi chini ya hapo. Mipaka nayo iandikwe kwa namba zinazogawanyika kwa 30, ili kila faili litoke na safu 7,000 na mistari 8,000, pikseli juu ya pikseli.

Kabla ya kubadili chochote, uliza kila faili lina nini:

```
gdalinfo mvua.tif
```

Katika majibu yake tafuta `Origin`, `Pixel Size` na `NoData Value`. Hilo la mwisho ndilo wengi hulipita haraka. Mahali pasipo data rasta haiachi nafasi tupu. Huandika namba ya alama. CHIRPS, ambayo hupima nchi kavu tu, huandika -9999 juu ya bahari. WorldCover hutumia 0. Matoleo ya SRTM ambayo mapengo yake hayajajazwa hutumia -32768. Faili lisipotangaza alama hiyo, programu huihesabu kama kipimo halali. Jumlisha mvua ya miezi 12 na bahari ya Bagamoyo itapata milimita -119,988. Hiyo utaigundua. Inayopotosha ni ile ya ufukweni: pikseli tatu zenye milimita 1,200 zikichanganywa sawasawa na moja ya bahari yenye -9999, wastani unakuwa karibu -1,600, na ukiuliza panaponyesha zaidi ya 1,000 ufukwe unajibu "hapana" kimyakimya. Kwa mwinuko kosa hugeuka upande wa pili. Ukingo wa pengo unaonekana kama genge la maelfu ya mita, na ukiuliza palipo chini ya mita 10, pengo lote linajibu "ndiyo".

Usitibu hilo kwa kuandika sifuri. Sifuri ya mvua ni mwezi mkavu, sifuri ya mwinuko ni usawa wa bahari. Vyote ni vipimo vya kweli. Tangaza alama kwanza, ndipo upange upya pikseli.

Namna ya kuzipanga hutegemea maana ya namba. Mwinuko hupanda na kushuka polepole, hivyo thamani mpya hukadiriwa kutokana na pikseli nne jirani, chaguo liitwalo `bilinear`. Ukitumia pikseli iliyo karibu tu, mteremko utakaoukokotoa utatoka na michirizi. Namba za WorldCover ni majina: 10 ni miti, 30 nyasi, 40 mazao, 50 majengo. Changanya msitu na nyumba kwa wastani, 10 na 50, na utapata 30. Umeotesha nyasi mahali ambapo hapana hata unyasi mmoja, na hakuna kitakachokuonya, kwa kuwa 30 ni namba halali. Hapa pikseli kubwa ipewe jina la walio wengi ndani yake:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 \
  -te 300000 9120000 510000 9360000 \
  -r mode -srcnodata 0 -dstnodata 0 \
  ardhi.tif ardhi_30.tif
```

Kwa mvua na mwinuko, badilisha `mode` iwe `bilinear` na uweke alama ya faili husika, mipaka usiiguse. Fanya mara moja tu kutoka faili la asili, kwani kila kupanga upya hulainisha data kidogo. Mteremko ukokotolewe baadaye, mwinuko ukiwa tayari katika mita.

Kanuni ya walio wengi nayo ina gharama. Vishamba vyembamba vya Uluguru, vilivyobanwa na miti, hushindwa kura na kutoweka. Ili kujua, hesabu hekta za mazao katika ramani ya mita 10 na katika ile ya mita 30. Pikseli ya mita 30 ni hekta 0.09. Tofauti ikiwa kubwa, rudi kwenye mita 10, andika 1 penye mazao na 0 kwingineko ukiacha tupu pasipo data kwa alama isiyo 0, kisha punguza kwa `-r average -ot Float32`. Kila pikseli itabeba sehemu ya eneo lake iliyolimwa. Mimi hupendelea njia hii milimani, maana kilimo cha pale hakifuati mraba wa mita 30.

Tabaka zikishapandanishwa, pikseli isiyo na data katika tabaka moja ibaki tupu katika jibu, na ukubwa wa eneo hilo utajwe chini ya ramani. Mvua ihitaji tahadhari yake: pikseli moja ya CHIRPS imegeuka kuwa zaidi ya 30,000, zimelainishwa, lakini hakuna kipimo kipya kilichoongezeka. Mashariki ya Uluguru hunyesha zaidi kuliko magharibi, na mpaka huo unaweza kupita ndani ya pikseli moja ya asili. Kwa hiyo ramani hii inaweza kulinganisha mteremko wa shamba na shamba, bali mvua ilinganishe kata na kata tu.