Ukurasa wa Mwanzo Haujakaa Sawa? Mwandikie Mbunifu Hivi

Mbunifu amekutumia rasimu ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya duka lako. Unaufungua kwenye simu, unahisi kuna mahali hapajakaa sawa, kisha unamjibu: "Nzuri, ila ifanye ivutie zaidi." Umemjibu kwa heshima, lakini hujamwambia afanye nini. Atabadilisha rangi, atakuza herufi, atakurudishia, nawe utaona bado. Mapatano mengi ya kazi hii hutaja idadi ya duru za marekebisho, na ukizimaliza unalipia za ziada. Hapo duru moja imeshapotea bure.

Dawa yake ni barua pepe moja, iliyopangwa kwa kufuata nani anajua nini. Wewe unawajua wateja na bidhaa zako. Mbunifu anaujua ukurasa. Basi mambo ya duka, yaani maneno, bei na namba za simu, yaandike kamili kama unavyotaka yasomeke. Mambo ya ukurasa, eleza unachokiona na jinsi kinavyomkwamisha mteja, halafu mwachie mwenyewe atafute njia.

Tuseme mama mmoja anauza khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Ameikagua rasimu na anamwandikia mbunifu wake:

Mada: Marekebisho ya ukurasa wa mwanzo, duru ya kwanza (mambo 3)

Habari za kazi, kaka. Rasimu nimeipata, ahsante sana. Rangi na menyu vimenipendeza, naomba vibaki vilivyo. Nimeufungua ukurasa kwenye simu ya Android kwa kutumia Chrome, na nimeambatisha picha tatu za skrini zenye namba kama za hapa chini. Naomba marekebisho haya, kuanzia lililo zito zaidi:

1. Picha zilizo chini ya kichwa "Mzigo mpya". Jina la khanga limekatwa kwenye picha zote. Wateja wangu huchagua khanga kwa kusoma jina, na wasipoliona hupiga simu kuuliza. Naomba khanga ionekane nzima na jina lisomeke kwenye simu. Namna ya kufanya nakuachia wewe.

2. Kitufe cha "Agiza". Kwenye simu kiko chini kabisa. Naomba kionekane mara tu ukurasa unapofunguka, na mtu akikibonyeza kifungue WhatsApp ya duka. Namba iko kwenye kiambatisho.

3. Maneno ya juu. Badala ya "Karibu kwenye tovuti yetu", naomba yawe: "Khanga za doti, jumla na rejareja. Tunatuma mikoani."

Naomba unirudishie kufikia Ijumaa. Kama kuna jambo litakalohitaji muda au malipo ya ziada, nijulishe kabla hujaanza. Ahsante kwa kazi yako.

Angalia ombi la kwanza, maana ndilo lenye funzo kubwa. Khanga moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha 110, na jina lake hukaa upande wa chini wa mji, juu kidogo ya pindo. Mbunifu, kwa kutafuta mwonekano nadhifu, alitengeneza fremu nyembamba ambazo upana wake ni mara tatu ya kimo, kisha akaziagiza picha zijaze fremu:

```
object-fit: cover;
```

Agizo hilo hujaza nafasi yote na kukata kinachozidi. Picha ya khanga ikijaa upana wa fremu kama hiyo, kati ya sentimita 110 za kimo hubaki 50 za katikati tu. Thelathini za juu zinakwenda, na thelathini za chini zinakwenda pamoja na jina.

Sasa fikiria mama angeandika kwa mkato, "Punguza picha zienee." Mbunifu angetii kwa kubadilisha neno moja tu, `cover` liwe `contain`. Khanga ingeonekana nzima, lakini ingesinyaa mpaka itoshe kimo cha ile fremu nyembamba, huku nafasi tupu ikibaki kushoto na kulia. Kwenye simu jina lingekuwepo bila kusomeka. Kwa sababu ameeleza kwamba mteja anataka kulisoma jina, mbunifu ataona kuwa kosa liko kwenye umbo la fremu, naye ataipa uwiano wa khanga yenyewe:

```
aspect-ratio: 15 / 11;
```

Mama hahitaji kuijua mistari hiyo. Anachohitaji ni kutaja mahali, kinachoonekana na sababu, na sababu ndiyo watu wengi wanaoiruka.

Ombi la pili limechanganya yote mawili. Mahali pa kitufe ni jambo la ukurasa, kwa hiyo amesema tu kionekane mapema. Namba ni jambo la duka, kwa hiyo ameitoa kwa maandishi, mbunifu asije akaikosea kwa kuisoma kwenye picha ya kibao cha duka. Kiungo cha WhatsApp huandikwa kwa namba ya kimataifa, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Sifuri ikibaki, kitufe kitapendeza kwa macho lakini hakitamfikisha mteja dukani. Kijaribu kwa simu ya mtu ambaye hajahifadhi namba yako, na uhakikishe ujumbe umeingia kweli.

Kuhusu adabu, lugha yetu ina njia nyingi za kulainisha ombi, na hapo ndipo barua nyingi huharibika. Ukiandika "kama itawezekana, labda namba ibadilishwe", mbunifu anaweza kuelewa kuwa si lazima, akaliacha. Kwa jambo la lazima, "naomba ubadilishe" inatosha: ina heshima na haina utata. Maneno kama "ningependa ushauri wako" yaweke pale unapotaka ushauri kweli. Kutaja kilichokupendeza nako kuna kazi yake: kunamwambia mbunifu asichopaswa kugusa.

Kabla ya kutuma, kusanya maoni ya wote wenye sauti dukani, mkubaliane, kisha atume mtu mmoja. Mume akiomba rangi nyekundu kwa ujumbe wa sauti asubuhi na mke akaomba kijani jioni, mbunifu hana la kushika. Jambo ambalo halikuwemo kwenye mapatano, kama kupokea malipo ya M-Pesa ndani ya tovuti, liandikie barua yake na uombe bei yake. Ukilichomeka katikati ya marekebisho, litaanzisha ubishi na kuyachelewesha yale matatu. Picha mpya nazo zitume kama faili kamili, kwa sababu WhatsApp huzibana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo kama jina la khanga hupoteza ukali.

Mbunifu akisema amemaliza na wewe bado unaona ukurasa wa zamani, usikimbilie kulalamika. Kivinjari huhifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kuufungua. Ufungue upya kwenye dirisha la faragha, au kwa simu nyingine, ndipo uhukumu. Kisha mjibu kwenye barua ileile kwa namba zilezile: "1 sawa. 2 sawa, nimejaribu na ujumbe umefika. 3 imebaki nukta baada ya 'rejareja'." Jibu la namna hiyo linafunga duru ya kwanza, na mkija kutofautiana baadaye, kila mmoja ataona kwa maandishi kipi kilikubaliwa na kipi kilibaki.