Kloro ya bidoni na soda ya sabuni zinatoka kwenye chumvi moja

Kando ya Ziwa Kivu, wakati wa kolera, tumezoea kuona kijana amesimama na sindano mkononi. Mama anachota maji, anasogeza bidoni yake ya lita 20, kijana anatia kloro kidogo, mama anaenda. Tukipanda sasa kule watu wanapika sabuni na mafuta ya mawese, tunakuta soda kostiki, ile inachoma vidole. Wengi wanafikiri hivi ni vitu viwili visivyojuana. Kumbe vimezaliwa siku moja, ndani ya chombo kimoja, kutoka chumvi sawa ile ya jikoni. Tena wako watatu, maana pamoja navyo inatoka hewa ya hidrojeni.

Kazi yenyewe ni kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi. Chumvi ni sodiamu na kloro vilivyoshikana. Ikiyeyuka ndani ya maji, vinaachana: sodiamu inabeba chaji ya chanya, kloro inabeba chaji ya hasi. Ukitumbukiza vyuma viwili vya umeme, kloro inakimbilia chuma cha chanya, inaacha chaji yake pale na kupanda juu kama hewa ya rangi ya kijani na manjano. Kwenye chuma cha hasi, ni maji yenyewe yanapasuka: hidrojeni inapanda juu, na kinachobaki kinashikana na sodiamu kuwa soda kostiki. Wakemia wanaandika hivi:

2NaCl + 2H2O → 2NaOH + Cl2 + H2

Mpaka hapo ni rahisi. Shida iko wapi? Ukiacha vyote ndani ya ndoo moja, havikai mbalimbali. Kloro ikikutana na soda inageuka maji ya javeli. Viko vifaa vidogo vinavyofanya hivyo kwa makusudi, kwa kutia kloro kwenye maji ya kijiji, na ni vizuri. Lakini aliyetaka soda safi ya sabuni hapati kitu. Mbaya zaidi, hidrojeni na kloro vikichanganyika, cheche kidogo, hata mwanga wa jua tu, unaweza kuvilipua. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiwanda si kupasua chumvi. Kazi kubwa ni kuzuia hawa ndugu watatu wasionane tena.

Zamani viwanda vingi vilitumia zebaki, ile inayokamata dhahabu kwenye migodi yetu, kwa kubeba sodiamu mbali na kloro. Sumu yake ilimwagika kwenye mito na hewa, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ukaamua njia hiyo ifungwe kufikia 2025. Leo kinachotumika zaidi ni utando.

Utando huo ni karatasi ya plastiki ya jamii moja na ile inayopakwa kwenye sufuria zisizoshika chakula, na unene wake haufiki hata nusu ya milimita. Ndani yake kumefungwa chaji za hasi ambazo haziwezi kutoka. Sodiamu ya chanya inavutwa na kupita. Kloro, na ile sehemu ya soda yenye chaji ya hasi, zinasukumwa nyuma. Ni sawa mlinzi wa mlango anayeruhusu familia moja tu. Upande wa kwanza inaingia maji ya chumvi, inatoka kloro. Upande wa pili yanaingia maji safi, vinatoka hidrojeni na soda. Chombo kinakuwa cha moto, karibu nyuzi 90.

Tufuate mfuko mmoja wa chumvi wa kilo 50. Unayeyushwa kwa kiasi cha gramu 300 hivi kwa kila lita ya maji. Chumvi haiishi yote kwa safari moja: maji yakitoka bado yana gramu 200 hivi kwa lita, yanaondolewa kloro iliyobaki, yanaongezewa chumvi, yanarudi. Mfuko ukishakwisha wote, umekula na maji kilo 15 hivi. Umetoa kloro kilo 30, soda kilo 34, na hidrojeni isiyofika kilo moja. Umeme umeenda kilowati-saa 70 na kitu. Umeme huo ungewasha balbu ya wati 10 usiku na mchana kwa karibu miezi kumi. Ndiyo maana kiwanda cha namna hii hakiwezi kuishi pale umeme unakatika kila jioni.

Soda inatoka ikiwa maji, yenye soda kilo 32 hivi ndani ya kila kilo 100. Wanaichemsha ili maji yapungue, na ikikaushwa kabisa inakuwa vile vipande au punje nyeupe ambavyo wapika sabuni wanavijua.

Adui wa utando ni uchafu wa chumvi yenyewe. Chumvi ya bahari au ya mwamba inakuja na kalsiamu na magnesiamu. Vikiingia ndani ya utando na kukutana na soda, vinaganda, sawa ule ukoko mweupe ndani ya birika. Kwa hiyo maji ya chumvi yanasafishwa mara mbili. Kwanza wanatia dawa zinazoufanya uchafu uzame, wanachuja. Kisha wanayapitisha kwenye punje maalum zinazokamata kilichobaki, mpaka ndani ya lita milioni moja isizidi gramu 20 hivi ya kalsiamu na magnesiamu pamoja.

Fundi anajuaje utando umeanza kufa? Anaangalia volti. Kila chombo kinahitaji volti 3 hivi. Zikipanda, utando umeziba na umeme unapita kwa shida. Ukitoboka, soda inavuja upande wa kloro: maji ya chumvi yanayotoka yanapoteza ukali wa asidi, na ndani ya kloro inaonekana oksijeni nyingi. Kinachoogopwa kuliko vyote ni hidrojeni ndani ya kloro. Ikikaribia sehemu 4 au 5 kwa 100, mlipuko uko mlangoni. Fundi hangoji ifike huko, anazima.

Kuna jambo lingine linalogusa mfuko wa mpika sabuni. Huwezi kutengeneza soda bila kutoa kloro, na kloro ni sumu isiyowekwa nyingi ghalani. Nyingi inaenda kwenye plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji. Watu wakipunguza kujenga, kloro inakosa mnunuzi, kiwanda kinapunguza umeme, na soda inakuwa haba hata kama wapika sabuni bado wanaihitaji vilevile.

Na nyumbani je? Javeli ni kloro iliyorudishwa ndani ya soda. Ukiimwagia asidi ya kusafishia choo, au siki, unaifungua tena: kloro inatoka hewani, ndani ya chumba kidogo, inachoma macho na mapafu. Kiwandani kuna utando na fundi. Chooni hakuna. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na chupa hizo mbili zisikutane.