Bunia: Saa ya mchezo isiyohesabu dakika za kusubiri

Kumaliza mchezo wa kompyuta kwa haraka kuliko wengine ni mashindano yenye wafuasi wengi duniani. Lakini kijana wa Nyakasanza mwenye kompyuta ya zamani anaweza kucheza vizuri kuliko mwenzake wa Ulaya, na bado saa ikamuweka nyuma. Sababu njo disku. Kila anapovuka mlango kuingia eneo lingine, skrini inakuwa nyeusi mpaka kompyuta imalize kupakia. Disku ya kuzunguka inachukua sekunde nyingi, disku ya kisasa inachukua kidogo.

Juu ya hiyo, katika michezo fulani wachezaji wanalinganisha muda bila kuhesabu kupakia. Mmoja wao ni Hollow Knight, uliotoka mwaka 2017 huko Australia. Mtu anayetaka kufanya mazoezi anahitaji saa inayosimama yenyewe wakati kompyuta inapakia.

Kuweka saa

Programu inayotumika sana ku Windows ni LiveSplit, na ni ya bure. Inapatikana ku livesplit.org kama faili moja lililokunjwa. Haina kuinstale: unalifungua ndani ya foda yako, kisha unabonyeza `LiveSplit.exe`.

Bonyeza kulia juu ya saa, chagua `Edit Splits...`. Kwenye jina la mchezo andika `Hollow Knight`, kisha andika mstari mmoja kwa kila sehemu ya safari unayotaka kupima. Hapo chini kutatokea kitufe `Activate`. Ukikibonyeza, LiveSplit inapakua kipande kidogo kinachosoma kumbukumbu ya mchezo na kujua lini unapakia. Hapa ndipo unahitaji mega. Kikiisha kuingia, unaweza kufanya mazoezi bila interneti.

Kuna hatua moja ambayo wengi wanaisahau. Bonyeza kulia tena, fungua `Compare Against`, weka alama ku `Game Time`. Usipofanya hivyo, saa itaendelea kuonyesha muda wa kawaida hata kama kile kipande kinafanya kazi vizuri.

Kuipima na mchezo

Usiamini saa kabla ya kuipima. Ingia `Edit Layout...`, ongeza saa ya pili, halafu fungua mipangilio ya kila moja kwenye `Timing Method`: moja iwe `Real Time`, nyingine `Game Time`. Sasa unaona zote mbili pamoja.

Washa kompyuta, fungua mchezo, anzisha saa kwa mkono. Kitufe cha kawaida ni `NumPad1`. Kama laptopu haina namba za pembeni, badilisha kitufe ndani ya `Settings`. Shuka kisima cha Dirtmouth kuingia Forgotten Crossroads, huku rafiki akifilimu skrini kwa simu. Panda tena, kisha shuka mara ya pili. Mara hii kupakia kunaenda mbio zaidi, kwa sababu Windows imeisha kuweka mafaili yale katika kumbukumbu.

Angalia video polepole, tangu skrini inapoanza kufifia mpaka mchezo unaporudi. Tuseme mara ya kwanza `Real Time` iliongezeka sekunde 6.8 na `Game Time` sekunde 1.3. Mara ya pili `Real Time` iliongezeka 3.1, na `Game Time` ikabaki karibu 1.3. Hapo saa iko sawa: disku ilibadilika, muda wa mchezo haukubadilika. Zile 1.3 si kosa, maana kufifia kwa skrini ni sehemu ya mchezo kwa kila mtu.

Kama saa zote mbili zinatembea pamoja hata wakati wa kupakia, rudi uangalie `Activate`. Ikiwa mchezo umefunguliwa kwa haki za msimamizi, fungua LiveSplit pia kwa haki hizo. Ikiwa bado, pengine toleo la mchezo halitambuliwi na kile kipande.

Kile saa haiwezi kuondoa

Saa inaondoa kupakia tu. Kama kompyuta ni dhaifu na picha zinakwama-kwama katikati ya vita, huo muda unahesabiwa. Dawa yake ni kupunguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo, si kugusa saa.

Tena, muda wa zamani uliopimwa bila kile kipande hauna `Game Time` ndani yake, basi safu hiyo itabaki tupu mpaka ukimbie upya.

Mwisho ni habari ya kurani. LiveSplit haihifadhi muda wako yenyewe kila unapomaliza. Umeme ukikatika ghafla, rekodi mpya inapotea. Baada ya kila jaribio zuri, bonyeza kulia, chagua `Save Splits`, na mara kwa mara kopi faili la `.lss` ku flashi.