Unga Mweupe Chini ya Kitanda

Kitanda cha mbao ya mwembe kikianza kudondosha unga laini sakafuni, wengi humlaumu mchwa. Lakini mchwa wa mbao kavu huacha chembe ngumu zinazokwaruza vidoleni. Unga laini kama poda ni wa bungua.

Bungua jike hutaga mayai ndani ya vinyweleo vya mbao. Buu hula wanga uliomo katika sehemu nyeupe ya nje ya gogo, akichimba kwa miezi mingi bila kuonekana. Tundu la milimita 1 au 2 hutobolewa na mdudu mzima anapotoka. Kwa hiyo kupaka vanishi juu ya matundu hakuui mabuu waliobaki ndani, ingawa huzuia mayai mapya.

Kabla ya kutumia pesa, futa unga wote, zungushia matundu alama ya kalamu, tandika karatasi nyeusi chini, kisha subiri wiki kadhaa. Mtikisiko nao huangusha unga wa zamani, basi tazama hasa matundu mapya yasiyo na alama. Yakitokea, badilisha ubao ulioliwa. Ubao mpya ulowekwe dawa ya boroni kabla ya kupakwa rangi, maana rangi huizuia kupenya.